Mbwa wangu ana maziwa na analea ndala, lakini hajapandwa. Msaada tafadhali (Moshono, Arusha)

NuruMoshono
Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa jike, chotara wa Jemani Shepadi, anaitwa Tausi. Ana miaka mitatu na hajafungwa kizazi. Aliingia kwenye joto mwishoni mwa Machi akatoka katikati ya Aprili. Kipindi chote hicho tulimfungia bandani, na geti letu ni la bati chini mpaka juu.

Tangu wiki iliyopita amebadilika. Alianza kuchimba nyuma ya banda la kuku, akaburuta magunia akayatandaza kule. Halafu akachukua ndala moja ya mwanangu na mdoli wa kitambaa, akavilaza juu ya gunia, sasa anavilamba kutwa. Usiku analia kwa sauti nyembamba. Chakula anakigusa tu na kuondoka. Jana nimemgeuza nikakuta matiti ya nyuma yamejaa, na nilipogusa chuchu maziwa yakatoka. Leo mtoto amekwenda kuchukua ndala yake, Tausi akamngurumia. Hajawahi kumngurumia huyu mtoto hata siku moja, wamekua pamoja.

Tumbo limenyanyuka kidogo ila si kubwa. Inaniumiza sana kumsikia akilia usiku. Hii ni mimba au kitu gani, itaisha lini, na nimfanyie nini atulie?

MangiWaTengeru
Dada, hapo hakuna cha kuzunguka, huyo kapandwa. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa na mbwa wa ulinzi miaka mingi sasa, na sijaona mnyama akatoa maziwa bila mimba. Ng'ombe asiposhika, siku ya 21 anarudi kwenye joto, mwili umeshajua hakuna kitu. Madume ya mtaani yanaruka ukuta usiku nyie mmelala. Andaa mahali pa kuzalia.

KijanaWaRau
Kama baba yao ni Shepadi niwekee dume mmoja. Niko Moshi, nitapanda gari nije kumchukua mwenyewe. Bei gani?

NuruMoshono
@KijanaWaRau ndugu yangu, hakuna watoto wa kuuza. Ndiyo kwanza nauliza kama wapo.

MamaKibosho
Pole mwanangu. Maziwa yakijaa hivyo lazima umkamue, la sivyo yataganda ndani na kuoza. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto umkande, kisha kamua taratibu asubuhi na jioni. Ndivyo tunavyofanya hata kwa mama aliyepoteza mtoto.

DktMifugo_Himo
Dada Nuru, mimi ni daktari wa mifugo. Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayosema zaidi. Joto liliisha katikati ya Aprili na leo tuko wiki ya pili ya Juni. Hiyo ni kama wiki nane, na ndicho kipindi hasa ambacho mambo haya hutokea: wiki ya sita hadi ya nane baada ya joto. Wengine huanza mapema kidogo, wengine huchelewa hata wiki ya kumi na mbili.

Ndugu wa Tengeru, hesabu yako ya siku 21 ni sahihi kabisa kwa ng'ombe. Mbwa hayuko hivyo. Mayai yakishatoka, ovari za mbwa huendelea kutoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba, kwa takriban miezi miwili, awe amepandwa au hajapandwa. Miezi hiyo ikikaribia kwisha, projesteroni inashuka, na kule kushuka ndiko kunaamsha homoni nyingine, prolaktini, inayoleta maziwa na moyo wa kulea. Mwenye mimba anazaa siku hizo hizo, karibu na siku ya 63. Asiye na mimba naye anafika pale pale: matiti yamejaa, anatafuta watoto, watoto hawapo. Hiyo ndiyo mimba ya uongo. Kila jike asiyefungwa kizazi anapita kwenye kupanda na kushuka huku kwa homoni. Wengi hutaona chochote, wengine wanakuwa kama Tausi.

Pamoja na hayo, siwezi kukuambia kutoka huku kwamba hana mimba. Hapo mangi ana hoja, bati si ushahidi. Apimwe ultrasaundi. Kama kuna mtoto, kwa wiki hizi moyo wake utaonekana ukipiga. Pasipo na ultrasaundi, eksirei inaonyesha mifupa ya watoto maana siku ya 45 imeshapita. Usitumie dawa yoyote ya kukausha maziwa kabla ya kipimo, kwa sababu dawa hiyo ikipewa mbwa mwenye mimba itaiharibu.

Kuhusu kukamua: mama yangu wa Kibosho, naomba uniwie radhi, kwa mbwa huyu tusikamue kabisa. Titi likikamuliwa, likikandwa kwa joto au likilambwa, ubongo unapokea habari kwamba kuna mtoto ananyonya, na prolaktini inazidi kutoka. Unakamua leo, kesho yamejaa zaidi. Maziwa yasiyoguswa hunyonywa na mwili wenyewe na matiti hurudi taratibu.

MamaKibosho
Nimekusikia daktari. Lakini likiwa gumu kama jiwe tutaliacha tu?

DktMifugo_Himo
Hapana mama, hilo ni jambo jingine. Matiti yaliyojaa kwa mimba ya uongo huwa yamejaa yote au mengi, yanabonyea, na mbwa anavumilia kuguswa. Ukikuta titi moja limekuwa gumu, la moto kuliko mengine, jekundu au la zambarau, na mbwa anaruka ukiligusa, hapo bakteria wameingia. Anahitaji antibayotiki na dawa ya maumivu siku hiyo hiyo.

NuruMoshono
Asante sana daktari. Matiti yanabonyea na hayana joto. Kesho namtafutia ultrasaundi hapa mjini. Kwa usiku wa leo nifanye nini? Anajilamba chuchu bila kupumzika.

DktMifugo_Himo
Chukua tisheti ya pamba ya mtoto, tundu la shingo lipite kichwani, miguu ya mbele itoke kwenye mikono, kisha uikaze mgongoni kwa fundo ili isilegee chini ya tumbo. Hiyo inamzuia kufikia chuchu. Ikilowa maziwa ibadilishe, kitambaa kibichi kikikaa kwenye ngozi kinaleta vidonda. Akiivua kwa meno, basi ile kola ya plastiki ya shingoni, ila wengi huiona mateso, na mbwa mwenye wasiwasi sipendi kumwongezea mateso.

Kesho mtoe nje. Mtembeze asubuhi na jioni kuliko ilivyo kawaida, mahali penye harufu mpya, siyo kuzunguka ua ule ule. Asipende kutoka, mvute kwa upole na kitu anachokipenda. Akirudi amechoka anakaa muda mfupi zaidi kwenye lile gunia. Na mtoto wako asikaribie kile kiota hata kidogo kwa sasa, hata kama wamekua pamoja. Mbwa anayelinda watoto, wawepo au wasiwepo, anaweza kuuma.

SabasabaDog
Mimi kwangu nilimnyima maji usiku na kumpunguzia chakula nusu. Maziwa yakakauka ndani ya wiki. Maji ndiyo yanakuwa maziwa, ni hesabu rahisi tu.

DktMifugo_Himo
Maji hapana. Yawepo bakulini saa zote, mchana na usiku. Anayenyimwa maji anaumia figo na mwili mzima, na maziwa huisha yenyewe hata akinywa.

Kwenye chakula kuna ukweli kidogo. Mbwa anayekula vizuri na bado ana maziwa mengi unaweza kumpunguzia kiasi kwa siku chache, na usimwongezee nyama, mayai au maziwa kwa kumhurumia. Lakini Tausi tayari hali. Huyo simpunguzii, namwachia ale anachoweza.

BibiWaMarangu
Mimi nina habari yangu. Mbwa wangu wa kienyeji alikuwa hivyo hivyo, analia, anakusanya matambara. Wakati huo paka wa jirani alikuwa amekufa na kuacha kitoto kimoja. Mbwa akakichukua kwa mdomo, akakilaza tumboni, akakinyonyesha! Kitoto kikakua vizuri, mpaka leo wanalala pamoja. Kwa hiyo mtafutie mtoto wa kulea, atatulia. Wangu hakulia tena tangu siku ile.

DktMifugo_Himo
Bibi, hiyo hutokea kweli, na nafurahi kitoto kilipona. Ila maziwa ya huyo mbwa yalichukua muda gani kukauka?

BibiWaMarangu
Eh, muda mrefu. Miezi, mpaka paka mwenyewe alipoacha.

DktMifugo_Himo
Ndivyo. Bila kunyonywa, mimba ya uongo huchukua kama wiki mbili hadi tatu kisha inakwisha yenyewe. Kwa wachache inavuka mwezi. Akinyonywa, maziwa yanaendelea. Kwa mbwa wa bibi lilikuwa jambo jema kwa sababu kulikuwa na yatima. Kwa Tausi sitaki tuanzishe kitu cha miezi.

Lema_Sakina
Naomba tuzungumzie ile ndala na mdoli, maana hapo ndipo watu wengi wanapata shida. Nimefuga majike wanne. Mimi huwa naviondoa vyote siku ya kwanza. Anahangaika siku moja, mbili, anasahau. Ukimwachia unamkuzia.

NuruMoshono
@Lema_Sakina nilijaribu kuuondoa mdoli mchana. Alizunguka ua mzima akilia mpaka nikamrudishia. Sikuweza kuvumilia.

Lema_Sakina
Ndiyo, ya kwanza ni ngumu. Lakini amini, siku ya tatu ni mbwa mwingine.

BibiWaMarangu
Nyie mnamwonea. Mwache na mdoli wake, siku homoni zikiisha atauacha mwenyewe. Nimeona hivyo kwa macho yangu.

DktMifugo_Himo
Hapa hata sisi madaktari hatufanani. Wengi tunapendelea viondolewe, kwa sababu kukilamba na kukilinda kitu kunamweka katika hali ya ulezi. Lakini kwa jike anayehangaika sana vikiondolewa ghafla, nimeona wanaoacha kula kabisa na kuchimba mpaka kucha zinatoka damu. Kwa huyo ningeenda kidogo kidogo: leo ndala, keshokutwa gunia moja, mdoli mwishoni. Ninachokuomba ni kimoja. Usimnyang'anye mbele yake. Wewe mtoe matembezi, mtu mwingine aondoe akiwa hayupo. Mkono unaoingia kwenye kiota ndio unaoumwa.

Mpare_Njiro
Naomba niingilie kwa jambo zito. Mwaka jana mbwa wangu alikuwa hivi hivi, wiki kama saba baada ya joto. Tumbo limenyanyuka, hali chakula, mnyonge. Duka la dawa walikoniuzia vidonge walisema ni mimba ya uongo, itaisha, nisubiri. Nikasubiri. Kumbe kizazi kilikuwa kimejaa usaha. Alifanyiwa operesheni ya haraka usiku, akapona kwa neema ya Mungu tu. Daktari alisema angechelewa siku moja zaidi asingeamka.

NuruMoshono
Jamani. Nitajuaje tofauti?

DktMifugo_Himo
@Mpare_Njiro pole sana, na umefanya vyema kuandika. Hili ndilo linalonitisha kuliko yote kwenye mada hii, kwa sababu usaha kwenye kizazi nao hupenda kuja ndani ya miezi miwili baada ya joto. Kalenda haiwezi kuvitenganisha.

Mtazame mbwa mwenyewe. Wa mimba ya uongo ana nguvu. Anachimba, anabeba, analinda, anakufuata akilia. Anaweza kukataa chakula siku mbili tatu, lakini macho yake yako hai. Mwenye usaha amelala. Hajali mdoli wala wewe. Anakunywa maji kupita kawaida na kukojoa sana, anaweza kutapika, na ukeni panaweza kutoka ute wenye harufu mbaya au rangi ya kahawia. Na hapa muwe waangalifu: mlango wa kizazi ukiwa umefunga, hakitoki kitu chochote nje, na huyo ndiye anayekufa haraka zaidi. Ndiyo maana naisisitiza ultrasaundi. Kipimo kimoja kinajibu maswali mawili, kama kuna mtoto na kama kuna usaha.

Mkuu, mbwa wako alikuwa anakunywa maji mengi?

Mpare_Njiro
Sana. Ndoo ya mchana ilikuwa inaisha saa sita. Tulidhani ni jua.

NuruMoshono
MREJESHO. Tumetoka kupima. Hakuna mtoto hata mmoja, na kizazi ni chembamba, hakina maji ndani. Joto la mwili 38.6, daktari akasema ni la kawaida. Ana kilo 25. Amesema kwa kuwa hali chakula na anamngurumia mtoto, anampa kabegolini siku tano. Halafu akataja dawa ya kuzuia kutapika, na kuna sindano ya depo ambayo jirani amenishauri ili jambo hili lisirudi tena. Daktari wa Himo, unasemaje?

DktMifugo_Himo
Nimefurahi sana kusikia kizazi ni kisafi.

Kabegolini ndiyo dawa yake, inazuia prolaktini moja kwa moja. Kipimo ni maikrogramu 5 kwa kila kilo ya mbwa, mara moja kwa siku, siku 4 hadi 6. Kwa kilo 25 inakuwa maikrogramu 125, yaani robo ya kidonge cha miligramu 0.5. Mpe pamoja na chakula, hata kama ni vijiko viwili vya wali na supu, kwa sababu siku ya kwanza au ya pili wengine hutapika. Nimeandika hesabu ili uweze kuilinganisha na alichokuandikia daktari aliyemshika, siyo ili wengine wakanunue bila kupima.

Dawa ya kuzuia kutapika muulize jina lake. Kama ni metoklopramidi, mwombe abadilishe. Inapandisha prolaktini, hivyo inavuta upande wa pili wa kamba ile ile.

Depo usimchome. Ile ni jamaa ya projesteroni. Ukimchoma leo anaweza kutulia kweli, jirani yako hakudanganya kuhusu hilo. Lakini ikiisha mwilini, homoni inashuka upya na yote yanaanza tena. Zaidi ya hapo, inaongeza hatari ya ule usaha ambao Mpare ametueleza.

KijanaWaRau
Si mumpandishe tu joto lijalo azae mara moja, akili itulie? Shepadi wangu yupo, hatutalipishana.

DktMifugo_Himo
Kuzaa hakuzuii. Jike aliyezaa anaweza kupata mimba ya uongo joto linalofuata asipopandwa, vile vile. Ambaye imemtokea mara moja kwa nguvu namna hii, uwezekano wa kurudi joto lijalo ni mkubwa.

Lema_Sakina
Basi mfunge kizazi sasa hivi, dada, umalize kazi.

Swai_Pasua
Subirini kwanza, mimi hilo limenishinda kuelewa. Wangu nilimfunga kizazi kama miezi miwili baada ya joto, na siku chache baada ya operesheni ndipo akaanza kutoa maziwa na kukusanya nguo! Hadi leo nahisi hawakutoa vizuri.

DktMifugo_Himo
@Swai_Pasua waliondoa vizuri, yaelekea walichagua wakati mbaya tu. Ovari zilipotolewa, projesteroni ilikatika ghafla, siku ile ile, na prolaktini ikapanda. Ni mlango ule ule, umefunguliwa na kisu badala ya kalenda. Alitulia?

Swai_Pasua
Maziwa yalikauka. Ila bado ni mkali akiwa na kitu mdomoni, tofauti na zamani.

DktMifugo_Himo
Hutokea, hali hiyo ikaganda kwa muda mrefu kwa mbwa aliyepasuliwa wakati prolaktini iko juu. Ongea na daktari wako, kabegolini hufanya kazi hata kwa aliyekwisha kufungwa kizazi. Siwezi kukuahidi kwamba ukali wote ni wa homoni, unaweza kuwa tabia aliyojifunza.

Ndiyo maana Tausi asifanyiwe sasa. Maziwa yakauke kabisa, tabia irudi, kisha mpe nafasi. Wakati mzuri ni miezi mitatu hivi au minne baada ya joto. Kwenu hiyo ni kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti. Usichelewe sana kupita hapo, majike wengi hurudi kwenye joto baada ya miezi sita au saba, na yeye anaweza kuingia mwishoni mwa Septemba au Oktoba.

MangiWaTengeru
Nimesoma uzi wote. Kwa ng'ombe ninasimamia nilichosema, kwa mbwa nimejifunza. Dada, hiyo ndala imekwisharudi kwa mtoto?

NuruMoshono
MREJESHO WA PILI, baada ya dawa kuisha. Hakutapika ila siku ya kwanza alilala sana. Siku ya tatu alikula sahani yote. Tunamtembeza hadi kule barabara ya juu kila jioni, na ndala tuliitoa akiwa matembezini, hakuitafuta. Mdoli bado anao, anaubeba usiku tu, mchana anausahau. Matiti yamepungua yote isipokuwa la mwisho upande wa kushoto, bado kuna uvimbe mdogo na tone la maji ya kahawia. Tisheti ameizoea. Mtoto bado tunamzuia kumsogelea akiwa amelala.

DktMifugo_Himo
Vizuri sana. Hilo titi likiwa baridi, laini na haumii, liache, usilibonyeze kuangalia kama bado lina maji. Kila ukilibonyeza unalirudisha nyuma. Maji ya kahawia mwishoni ni ya kawaida. Baada ya wiki mbili likiwa bado na kitu kigumu ndani, kama punje ya harage, lipimwe na daktari, kwa sababu uvimbe wa matiti kwa majike wasiofungwa kizazi ni jambo lingine na halihusiani na maziwa.

Mpare_Njiro
Na maji ya kunywa je, Nuru?

NuruMoshono
Bakuli moja asubuhi, nusu jioni, kama zamani. Naliangalia kila siku.

Ngilisho_Ngaramtoni
Samahani kwa kudandia uzi. Wangu ana miaka tisa, hajawahi kuwa hivi, na joto lake la mwisho sikuliona kabisa. Wiki hii ana maziwa kidogo na amelala tu kwenye sakafu ya baridi, hataki kunyanyuka. Nimpe hiyo kabegolini?

DktMifugo_Himo
Usimpe chochote. Mbwa wa umri huo, amelala, joto halikuonekana, huyo ni wa ultrasaundi leo, siyo kesho. Anakunywa maji vipi?

Ngilisho_Ngaramtoni
Mengi. Natoka naye sasa hivi.